Huenda moja, mahali pake

"Mwalimu, msimamizi wangu wa kwanza ameandika pembeni mwa sura ya mjadala: 'Unadai kuliko data inavyoruhusu.' Wa pili, kwenye ukurasa uleule: 'Unaogopa nini? Sema ulichokiona.' Nimsikilize yupi?" — mwanafunzi wa ukunga, Mbale

Dada, nimeusoma ukurasa wako mara tatu, na naona wote wawili wamekuambia kweli. Kila mmoja ameshika sehemu yake ya sentensi. Ili kazi yako isitambulike, nitatunga mfano wenye umbo kama la utafiti wako. Tuseme mwanafunzi amewafuatilia akina mama 120 waliohudhuria kliniki ya wajawazito kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu. Sitini walisindikizwa na waume zao angalau mara moja, sitini walikuja peke yao. Kati ya waliosindikizwa, 42 walijifungulia kituoni, na kati ya waliokuja peke yao, 30. Ni asilimia 70 kwa 50. Kisha kwenye mjadala akaandika hivi:

"Huenda, kwa kiasi fulani, inawezekana kwamba kusindikizwa na mume huongeza uwezekano wa mama kujifungulia kituoni."

Sentensi hiyo ina maneno matatu ya tahadhari na bado inadai kupita kiasi. Hapo ndipo wasimamizi wako walipopishana. Mmoja aliitazama "huenda", mwingine aliitazama "huongeza".

Anayetaka uthabiti ana sababu nzito. Tofauti ya akina mama 42 kwa 30 imeonekana kwa macho na imo kwenye rejista. Ukiifunika kwa "huenda", unamwambia msomaji kwamba hata ulichokihesabu huna hakika nacho. Afisa wa afya wa wilaya ana dakika chache na ripoti nyingi. Akikuta kila sentensi imepakwa "pengine" na "kwa kiasi fulani", hawezi kutofautisha jambo ulilolipima vizuri na jambo ulilolikisia, kwa hiyo ataviacha vyote. Tena kuna jambo letu la malezi. Tumefundishwa kutosema kwa sauti mbele ya wakubwa, na heshima hiyo huingia kwenye maandishi bila sisi kujua. Mwanafunzi anaandika "huenda" kwa sababu atasomwa na profesa, wala si kwa sababu ya udhaifu wa data. Tahadhari ya namna hiyo haimwelezi msomaji chochote kuhusu utafiti.

Anayetaka tahadhari naye ana haki, na kwa kazi za afya mimi namsikiliza kwa masikio yote mawili. Sentensi ya mjadala huhama. Inatoka kwenye tasnifu, inaingia kwenye muhtasari, kisha kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijijini, na kila inapohama inapoteza neno moja la tahadhari. "Kusindikizwa na mume huongeza" ikifika kijijini inakuwa amri: njoo na mume. Mjane afanye nini? Na yule ambaye mume wake yuko Kampala akitafuta riziki? Mama anayeogopa kurudishwa kwa sababu amekuja peke yake anaweza kuacha kuja kabisa, na dai lako likamdhuru yule uliyetaka kumsaidia.

Kwa hiyo kuongeza au kupunguza "huenda" hakutatui kitu. Inabidi ujue ni sehemu gani ya dai iliyo dhaifu. Hapa kwetu tuna mfano bora kabisa wa jambo hilo. Utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuata jozi 415 za wapenzi ambao mmoja ana virusi vya ukimwi na mwenziwe hana, kwa muda usiozidi miezi 30. Wenza 90 waliambukizwa. Watafiti walipopanga maambukizi kwa kiasi cha virusi kwenye damu, waliona hatari ikipanda kadiri virusi vinavyoongezeka, na miongoni mwa watu 51 waliokuwa na nakala chini ya 1,500 kwa mililita, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenziwe.

Ungeandika nini kuhusu hao 51? "Mtu mwenye virusi chini ya 1,500 hawezi kuambukiza"? Ingevutia, na ingekuwa kosa. Watu wa takwimu wana hesabu ya haraka kwa sufuri ya namna hii: gawa 3 kwa idadi ya uliowatazama. Tatu kwa 51 ni kama asilimia 6. Yaani hata kama hatari halisi katika kipindi kile ingekuwa karibu watu 6 katika 100, bado ungeweza kuona sufuri kwa watu 51. Kwa hiyo kwenye matokeo watafiti wa Rakai waliandika wazi kwamba hapakuwa na maambukizi kati ya hao 51, bila "huenda", kwa sababu hilo lilihesabiwa. Kwenye hitimisho walisema kwamba katika kiwango hicho maambukizi ni nadra. Neno moja, "nadra", lilibeba tahadhari yote iliyohitajika.

Papo hapo, katika sentensi ileile ya hitimisho, walisema kwa uthabiti kwamba kiasi cha virusi ndicho kiashiria kikuu cha hatari ya kuambukiza. Hakuna kigugumizi hapo, maana ushahidi wake ulitoka kwenye jozi zote 415. Lakini angalia neno "kiashiria". Utafiti ulitazama tu, haukumpa mtu dawa ya kushusha virusi ili kuona kitakachotokea. Dai la kwamba kushusha virusi kwa dawa hupunguza maambukizi lilipata ushahidi wake wa jaribio mwaka 2011, katika jozi 1,763 kwenye nchi tisa. Washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaanza dawa mapema na nusu baadaye, na maambukizi ndani ya jozi yakapungua kwa asilimia 96. Hapo kitenzi "hupunguza" kilikuwa na mwenyewe.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu ya 42 na 30. Lugha yetu ina mitego miwili ambayo sioni ikifundishwa, na yote imo ndani ya "huongeza". Mtego wa kwanza ni kile kiambishi "hu-". Tunakitumia kwa mambo ya kila siku na ya kila mahali: jua huchomoza mashariki. Ukisema "huongeza" umetoka kwenye akina mama 120 wa kituo kimoja ukaingia kwa akina mama wote wa Uganda, na wala hukuona ulipovuka. Ukisema "walijifungulia" umebaki kwa wale uliowaona. Mtego wa pili ni mwisho wa kitenzi. "Kuongeza" kuna mtendaji: kitu fulani kinasababisha kingine kiongezeke. "Kuongezeka" hakumtaji msababishi, na "kuambatana na" kunasema tu kwamba mambo mawili yameonekana pamoja. Utafiti wako ni wa kutazama, basi kitenzi cha kusababisha hujakipata bado, na "huenda" haiwezi kukusaidia. "Huenda inaongeza" inapunguza nguvu ya dai tu. Aina ya dai inabaki ileile, dai la sababu.

Tuiandike upya kwa kuitenganisha. Kwanza kilichoonekana, bila tahadhari yoyote: "Katika kituo hiki, akina mama 42 kati ya 60 waliosindikizwa na waume walijifungulia kituoni, ikilinganishwa na 30 kati ya 60 waliokuja peke yao." Halafu ukubwa wake, na hapa namba yenyewe ndiyo tahadhari. Tofauti ni pointi 20 za asilimia, lakini ukikadiria kwa uhakika wa asilimia 95, inaweza kuwa popote kuanzia kama pointi 3 hadi 37. Andika hivyo hivyo: "Tofauti inaweza kuwa ndogo sana au kubwa sana, kwa kuwa idadi ya akina mama ni ndogo." Sentensi hiyo ina maana kuliko "kwa kiasi fulani", ambayo haimwambii mtu ni kiasi gani.

Mwisho sababu. Hapa ndipo mahali pa "huenda", na ije na maelezo yake: "Huenda kusindikizwa kunachangia, lakini waliosindikizwa wanaweza pia kuwa ndio wanaokaa karibu na kituo au wenye nauli ya boda usiku wa uchungu, mambo ambayo hatukuyapima." Jaribu hili kwenye kila "huenda" ya sura yako: iulize, huenda kwa sababu gani? Ikikujibu kwa jambo mahususi la utafiti wako, iache. Ikiwa haina jibu, au jibu lake lingefaa tasnifu yoyote ile, ifute. Na isiwe zaidi ya moja kwa dai moja. "Huenda inawezekana pengine" hazijumlishi tahadhari, zinaufanya ukurasa uwe na ukungu.

Kosa la upande wa pili nalitaja kwa kifupi, kwa sababu wengi hulidhani ni unyenyekevu. Tuseme wenye umri chini ya miaka 20 walikuwa 14 tu, na hukuona tofauti kati ya waliosindikizwa na wasiosindikizwa. Usiandike "kwa vijana, kusindikizwa hakuna tofauti." Hilo ni dai kubwa. Andika "hatukuona tofauti miongoni mwa vijana 14, idadi ndogo mno kuweza kuthibitisha kwamba hata tofauti kubwa haipo."

Kuna wasimamizi ambao hata baada ya kazi hii watataka sentensi kali zaidi, wakihofia kwamba mtahini wa nje ataona mtafiti hajiamini. Sikubaliani nao, ingawa naelewa wanakotoka, maana tasnifu inayosemasema chini chini kweli huchosha. Ila uthabiti tayari umo kwenye sentensi ya kwanza, ile ya 42 na 30. Ianzishe aya kwa hiyo. Wanafunzi wengi huanza na mapungufu kisha matokeo yanafuata yakiwa yamekwisha kunyong'onyea.

Sehemu ya mapendekezo ina kipimo chake, kwa kuwa pendekezo hupimwa pia kwa gharama ya kukosea. Kumkaribisha mume kliniki hakumdhuru mtu, kwa hiyo ushahidi wako unatosha kusema, bila "huenda": "Kituo kiwakaribishe waume wanaoweza kuja." Kumhudumia wa mwisho mama aliyekuja peke yake kunaweza kumwumiza, na kwa hilo data yako haitoshi hata kidogo. Liandike waziwazi: "Matokeo haya hayatoi msingi wa kumcheleweshea huduma mama aliyekuja bila mume." Kisha ongeza pendekezo la tatu ambalo ni la utafiti wako peke yake: rejista ya wajawazito iandike umbali wa kutoka nyumbani hadi kituoni, ili atakayekuja baada yako aweze kulipima jambo ambalo wewe umelazimika kuliwekea "huenda".