Usilipe ovataimu saiti nzima

Mwaka jana nilisimamia umaliziaji wa nyumba ya wageni huko Bamburi. Kuta zilikuwa zimesimama, paa bado. Ratiba yangu ilisema siku 40. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, wageni wa harusi wanaingia siku ya 36. Nifanyie siku 35." Kabla sijajibu, jamaa yake aliyekuwepo akatoa dawa ambayo naisikia karibu kila mjengo hapa Mombasa: ongeza watu kila mahali, lipa ovataimu kila fundi, kazi itakwenda mbio.

Dawa hiyo naipinga, na nataka kuonyesha kwa hesabu ile ile tuliyofanya siku hiyo kwenye kipande cha boksi la vigae.

Kwanza tulichora kazi kwa kufuatana kwake. Mlolongo wa kwanza ulikuwa wa kuta: paa siku 8, nyaya na mabomba ndani ya kuta siku 5, plasta siku 7, plasta kukauka siku 14, halafu rangi siku 6. Jumla 40. Mlolongo wa pili ulikuwa wa karakana: kutengeneza milango na madirisha siku 29, kuyafunga siku 3, kisha rangi ile ile siku 6. Jumla 38. Wa tatu ulikuwa shimo la maji taka, linalochimbwa kwa mkono kwenye mwamba wa matumbawe, siku 34 hadi kuunganishwa.

Mlolongo mrefu kuliko yote ndio unaoamua siku ya kumaliza. Wenye taaluma huuita njia nyeti. Milango ilikuwa na siku 2 za kuchelewa bila kumdhuru mtu, na shimo siku 6. Kwa hiyo ukimlipa mchimbaji amalize siku 4 mapema, unachopata ni shimo linalosubiri nyumba.

Kisha tukaulizia bei ya siku moja kwa kila kazi. Plasta kwa mwendo wa kawaida ilikuwa shilingi 28,000 za ufundi kwa siku 7. Kwa kuongeza fundi na mtu wake wa mkono, ingekuwa 33,000 kwa siku 5. Tofauti ni 5,000 kwa siku 2, yaani 2,500 kwa kila siku unayoinunua. Kwa njia hiyo hiyo paa lilikuwa 3,500 kwa siku, mwisho siku 2. Nyaya 6,000, siku 1 tu. Rangi 7,000, siku 1 tu. Karakana 3,000, mwisho siku 3. Shimo lilikuwa rahisi kuliko yote, 2,000 kwa siku, hadi siku 4.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Jamaa alitaka tuanze na shimo kwa kuwa ni bei rahisi. Lakini siku ya shimo haiifupishi nyumba hata saa moja, na kitu kisichokupa unachotafuta ni ghali hata kikiwa shilingi mia. Unaangalia bei rahisi kuliko zote ndani ya njia nyeti peke yake. Kwetu ilikuwa plasta. Tukanunua siku zake zote 2 kwa 5,000, ratiba ikashuka hadi 38.

Sasa simama uchore upya. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayobeba hesabu nzima. Mlolongo wa kuta umekuwa siku 38, na wa milango pia 38. Njia nyeti zimekuwa mbili. Ukilipia paa pekee, milango itakuzuia pale pale 38 na pesa imepotea. Ni lazima ukate pande zote mbili kwa pamoja, au ukate kazi ambayo njia zote zinaipitia, na hiyo ni rangi.

Kwa hiyo tukalinganisha. Paa pamoja na karakana ni 3,500 na 3,000, jumla 6,500 kwa siku. Rangi peke yake 7,000. Nyaya pamoja na karakana 9,000. Tukachukua paa na karakana kwa siku 2, shilingi 13,000, tukafika 36. Paa likawa limefika kikomo chake, basi tukanunua siku moja ya rangi kwa 7,000. Siku 35, kwa nyongeza ya shilingi 25,000.

Je, inafaa? Saiti ikiwa wazi, kila siku ilikula 6,800: msimamizi, mlinzi, majukwaa ya kukodi na maji ya lori. Siku 2 za plasta zilikuwa faida wazi. Zile 2 za paa na karakana zilijilipa kwa ziada ndogo, 300 kila moja. Ya rangi ilikuwa hasara ya 200. Kama si wale wageni, ningemshauri mama asimame kwenye 36. Alijua ananunua nini na kwa nini, akakubali. Na dawa ya kila mtu mbio ingekuwa 42,000 na kutufikisha siku 34, ilhali 34 hizo hizo kwa mpangilio huu zilikuwa 34,000. Zile 8,000 za tofauti ni shimo lile.

Hesabu hii si mpya. Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand, huko Marekani, waliifanyia kazi tangu 1957, na gharama ya kuharakisha ilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Inaniuma kuona leo tunachukua mchoro wa ratiba na kuacha bei.

Kubana ratiba kuna gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Baada ya kununua siku zile, kuta na milango hazikuwa na nafasi hata ya siku moja. Karakana ikakatikiwa umeme siku nzima. Awali tungelicheka jambo hilo, sasa lilikuwa linasogeza harusi. Kilichotuokoa ni kwamba karakana ilikuwa bado na siku 1 ya kununuliwa, nasi tukailipia 3,000 nyingine. Tangu hapo najitahidi nisimalize siku zote za kazi moja ikiwa kuna njia nyingine ya bei iliyo karibu.

Mama aliwahi kuniuliza, "Nikiongeza pesa, siku 30 haziwezekani?" Hapana. Ukikata kila kinachokatika upande wa kuta, paa linabaki 6, nyaya 4, plasta 5, rangi 5. Ongeza 14 za kukauka, unapata 34. Chini ya hapo hakuna siku inayouzwa. Mafundi kumi hawakaushi ukuta, na unyevu wa pwani hauwahurumii wenye haraka. Nilibandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote usiku kucha. Asubuhi ya siku ya 12 ya kukauka kilikuwa na matone ndani. Fundi wa rangi alikuwa ameshafungua debe. Nikamwambia afunike. Siku ya 14 ya kukauka nailoni ilitoka kavu, akaanza.

Shimo lilikamilika siku ya 34, bila ovataimu.