Eti achague upande

Jumamosi iliyopita dada mmoja wa kikundi chetu cha uandishi, hapa Himbi, Goma, alitusomea jibu la mhariri. Alikuwa amepeleka makala yake kwenye gazeti moja la mtandaoni, silitaji, linajijua. Makala inamhusu yeye mwenyewe: mwanamke aliyeolewa, mwenye afya na kazi, ambaye hajui kama anataka kuzaa. Jibu lilikuwa la adabu. Lugha nzuri, asante sana, ila msomaji akimaliza hajui mwandishi amesimama wapi, kwa hiyo tafadhali chagua upande. Halafu nyongeza: kwa kuwa unaandika kutoka Goma, vita ionekane zaidi, maana bila shaka ndiyo sababu.

Bila shaka! Asante kwa kutuambia.

Nianze na hiyo vita, kwa sababu ndiyo iliyonipandisha hasira. Hakuna mtu wa mji huu anayehitaji kukumbushwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Lakini tangu lini balaa ikawazuia watu wa Goma kuzaa? Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipokatisha mji, mama yangu alivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa miguu, godoro kichwani na mimba imekaribia. Mdogo wangu amezaliwa ukimbizini na leo ana ndevu. Mei 2021 mlima ukatema tena, na watu waliporudi walizaa kama kawaida. Utafiti wa kitaifa wa watu na afya, EDS, wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6,6 kwa kila mwanamke nchini, na hiyo haikuwa miaka ya amani huku Kivu. Kama vita ingekuwa jibu, wauza nepi wa Birere wangekuwa wamefunga maduka zamani.

Sikatai kwamba yupo anayesema: sizai mpaka hali itulie. Huyo ana haki yake na makala yake. Ila huyo ana hamu moja na kizuizi kimoja, na hadithi yake ni nyingine kabisa. Mwenye moyo wa namna mbili hana kizuizi cha kuondolewa. Kuna njia rahisi ya kuwatofautisha, na tunaitumia kikundini: mpe mhusika wako kila kitu. Mpe amani, mpe nyumba ya matofali pale Katindo, mpe pesa za shule na mama mkwe mpole, kama yupo. Wasiwasi ukiisha, ulikuwa unaandika juu ya kizuizi. Ukibaki, hapo sasa una kazi. Dada yetu alikuwa ameandika hasa hilo, aya nzima anajiwazia maisha ya raha na bado hajui. Mhariri aliipigia mstari na kuandika pembeni: "Hii inachanganya."

Sasa huo upande wa kuchagua. Wanaofanya utafiti wa EDS wanapita nyumba kwa nyumba na karatasi ndefu, na wakifika kwenye swali la kama ungependa kupata mtoto mwingine au hapana, wana mahali pa kuandika kwamba mtu hajaamua. Karatasi ya takwimu! Ambayo kazi yake yote ni kumgeuza mtu awe namba. Hata yenyewe inamwachia mwanamke nafasi ambayo mhariri wa makala za fasihi hataki kumwachia.

Lakini nitasema ukweli, na ninausema kwa shingo upande: makala nyingi za namna hii ni ukungu mtupu, na mhariri aliyechoka nao namwelewa kidogo. Rasimu ya kwanza ya dada ilikuwa na sentensi hii: "Ninapenda watoto, lakini ninaogopa kupoteza uhuru wangu." Nani asiyeweza kuiandika? Badala ya "watoto" weka "mbwa", inasimama vilevile. Na tazama inavyokaa: hamu imetangulia, hofu ikafuata, na kinachokaa mwishoni ndicho msomaji anachoondoka nacho. Kwa hiyo tayari amechagua upande bila kujua. Ukiigeuza, hofu mbele na mapenzi nyuma, unapata tangazo la maziwa ya bebe. Sentensi ya mizani hivyo haishiki mambo mawili pamoja hata ufanyeje, lazima moja lilale juu ya lingine.

Tulimwambia aache kutueleza anavyojisikia, atuambie anafanya nini. Alinyamaza kitambo. Halafu akafungua mkoba akatoa karte yake ya kituo cha afya, ile kadi ngumu iliyokunjwa mara mbili, yenye tarehe zilizoandikwa kwa biki, moja chini ya nyingine. Anatumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Tarehe ya mwisho pale chini ilikuwa imepita.

"Ulisahau?" nikamuuliza.

"Yaya, mimi sisahau kitu."

Hapo ndipo makala ilipoanza, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu mambo yenyewe yako kwenye utaratibu wa sindano. Shirika la Afya Duniani linaruhusu sindano hii irudiwe hata ikiwa imechelewa mpaka wiki nne. Ukienda ndani ya hizo wiki unachomwa, unaandikiwa tarehe mpya, mambo yanaendelea kama vile hukuchelewa. Ukizipitisha, muuguzi lazima kwanza ahakikishe huna mimba. Kwa hiyo kuna kipande cha mwezi ambacho mwanamke hajaacha na wala hajaendelea. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemkataza. Na zaidi ya hapo, hata akiacha leo, mwili haukimbilii kushika mimba. Baada ya sindano hii uzazi unachelewa kurudi, mara nyingi miezi mingi, pengine karibu mwaka. Yaani hata "ndiyo" yake haitapata jibu upesi, atakuwa na muda mrefu wa kuijutia na kuitamani tena.

Mwenzetu mwingine ana kijiti mkononi, kile cha miaka mitatu au mitano kufuatana na aina. Akasema yeye angeandika kinyume kabisa, na yuko sawa. Mwenye kijiti akikaa bila kufanya lolote, jibu linabaki "hapana" mpaka muda wake uishe; inabidi ainuke aende kikatolewe. Mwenye sindano akikaa bila kufanya lolote, polepole anaelekea "labda". Moyo ni uleule, lakini kukaa kimya kwa huyu kunampeleka mashariki na kwa yule magharibi. Ukitaka kuandika mtu asiyeamua, uliza kwanza: asipofanya kitu, nini kitatokea chenyewe? Usipojua hilo, hujui mtu wako anacheza na nini.

Basi dada akaandika upya. Kila asubuhi motari wake anapita mbele ya kituo. Siku moja anamwambia, "Simama hapa kidogo." Anashuka. Mlangoni kuna benchi, wanawake wamekaa na karte zao mapajani, mmoja anamnyonyesha mtoto ambaye amevaa soksi moja tu. Dada anaitazama ile nyayo iliyo wazi muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha anamgeukia mama anayeuza sambaza kando ya barabara, ananunua kilo nusu ambayo hakuihitaji, anapanda tena pikipiki, anafika kazini ananuka samaki. Basi. Hakuna "ninapenda", hakuna "ninaogopa". Na huwezi kuibadilishia maneno ikawa habari ya mbwa. Ukinikamata koo nikuambie anataka nini, nitakuambia anautaka mguu ule na anataka kuondoka pale, na vyote viwili amevifanya kwa dakika tano.

Hiyo ndiyo rasimu iliyorudishwa. Eti achague.

Mtauliza, na wewe unayesema sana? Nina binti. Nampenda. Mmeona nilivyowahi kusema? Mwanamke wa hapa hawezi kuandika kwamba kuna jioni alikaa ndani ya choo kwa sababu ndiyo chumba pekee chenye komeo, kabla ya kuweka kwanza hati ya kiapo kwamba anampenda mwanawe. Mwaka 1949 daktari wa watoto wa London, Winnicott, aliorodhesha sababu 18 za mama wa kawaida kumchukia mtoto wake mchanga, mambo madogo madogo: anauma chuchu, anamfanya mama kama mtumishi, anakataa chakula kizuri halafu kwa shangazi anakula vizuri. Aliyasema bila kumlaani mama yeyote, na alikuwa mwanaume, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kama anampenda mtoto. Nami nasema wazi: mimba haikunimalizia mashaka yangu, iliyahamisha tu, na binti yangu akikua akasoma haya nataka akute nimeandika juu ya choo na komeo, nisiwe nimeandika juu ya tabia zake. Mtoto hawezi kujibu. Huo ndio mpaka wangu, kila mtu aweke wake.

Shangazi nilimsomea ile ya sambaza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni muzuri. Sasa huyu atazaa lini?" Angalau shangazi hakuomba vita.

Kilichobaki ni mume. Mume wa dada alijua habari ya sindano, hakujua kwamba tarehe imepita, na dada hakutaka alijue kupitia watu wa mtandaoni, kwa hiyo alimpa asome kwanza. Alisoma mara mbili, akatoka nje, akarudi akaomba sentensi moja tu itolewe. Ni ile inayosimulia usiku ambao mtoto wa jirani alilia mpaka alfajiri, naye mume, ambaye mbele ya wazazi wake anasema anangojea tu Mungu, akageukia ukutani akasema, "Afadhali sisi." Kwangu ndiyo sentensi bora ya makala nzima. Dada anataka ibaki. Wenzetu wawili wanasema mtu akishasema kitu mbele ya mwandishi, amekwisha kukitoa. Mimi nasema kauli ile ni ya mume, na kama anataka kuwa na moyo wa namna mbili bila baba yake kujua, ana haki hiyo kama mke wake alivyo nayo. Jumamosi tunaendelea kugombana.