"Sawa." yenye nukta: isomwe vipi?

"Wifi yangu tukichati hujibu kwa maneno mengi na 😂 tele. Juzi nimemtumia taarifa ya kikao cha harusi, akajibu 'Sawa.' tena na nukta. Nimemkosea nini?"

Hofu ya namna hii ina msingi. Mwaka 2015 Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwapa wanafunzi 126 wasome mazungumzo mafupi yaliyoishia kwa jibu la neno moja. Jibu lenye nukta lilionekana kutotoka moyoni kuliko jibu hilohilo lisilo na nukta. Maneno hayo yalipoonyeshwa kama yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Maelezo yake si magumu: kwenye chati, ukishabonyeza kitufe cha kutuma, sentensi imekwisha. Nukta inabaki bila kazi, na msomaji hukitafutia maana kitu anachokiona hakina kazi.

Lakini utafiti huo ulipima alichohisi msomaji. Haukupima moyo wa aliyeandika. Huo ndio ufa ambao ugomvi mwingi wa simu hupitia. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walionyesha ufa huo kwenye barua pepe: waandishi walitegemea wasomaji watofautishe kejeli yao na maneno yao ya dhati karibu mara 78 kati ya 100, na wasomaji wakafanikiwa mara 56 tu, kiasi kinachokaribia kurusha sarafu. Kwa hiyo nukta inaweza kukuchoma kweli, na wifi akawa hajui hata kwamba ameiweka.

Na huenda hakuiweka kwa makusudi. Kibodi nyingi za simu janja, ukigusa nafasi mara mbili, huandika nukta zenyewe. Mtu anayeandika kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika bomba ndani ya mwendokasi ya kwenda Kimara, huigusa mara mbili bila kujua. Kuna pia waliofundishwa kwamba sentensi bila nukta ni uchafu: walimu, makarani, wazee waliozoea kuandika barua. Kwao "Sawa." ni adabu ya maandishi tu. Ukikutana na nukta, tazama kwanza meseji zake kumi zilizopita. Kama sita zina nukta, hiyo ya saba haikuambii chochote.

Urefu nao una sababu zake nje ya moyo. Bando likiisha, mtu anarudi kwenye meseji ya kawaida, ambayo hubeba herufi 160. Akiweka emoji moja tu, nafasi hiyo hushuka hadi herufi 70, na maneno yake yanaweza kuhesabiwa kuwa meseji mbili. Mwenye salio dogo anajifunza haraka kuacha 😂. Aliyeko kwenye kitochi huenda hana emoji kabisa, na ulizomtumia wewe anaziona kama vijisanduku vitupu.

Sasa turudi kwa wifi. Kosa linaloonekana katika swali ni la kulinganisha vitu viwili visivyofanana. "Tukichati" maana yake ni umbea, watoto, nani kavaa nini. Taarifa ya kikao ni jambo jingine. Tuseme ulichomwandikia ni hiki: "Wifi, kikao Jumapili saa 10 jioni, palepale Ubungo. Mwisho wa michango tarehe 20." Hakuna swali hapo, na hakuna linalochekesha. Kinachotakiwa ni kuthibitisha tu, na "Sawa" imethibitisha.

Fungua chati yenu, rudi nyuma mpaka upate majibu yake kama 25, uyatenge mafungu mawili: yaliyojibu hadithi, na yaliyojibu taarifa au maagizo. Tuseme taarifa zimekuwa tisa, na katika hizo amejibu "Poa", "Nimeona", "Sawa" au kidole gumba mara saba. Basi huyu ndiye wifi wako wa kila siku, na kilichobadilika ni mada. Lakini kama kwenye taarifa hizo alizoea kukujibu "Sawa wifi, Mungu akipenda nitafika, nije na nini?", hapo kweli kuna kilichopungua, na si nukta.

Kilichopungua ni neno "wifi". Kwa Kiswahili chetu, hili tunalipa uzito kuliko alama yoyote ya uandishi. Emoji huja na kuondoka kwa haraka au uvivu, ila salamu na jina la undugu hubebwa na malezi. Mtu aliyekuwa akianza na "Wifi mambo" akaanza kuingia moja kwa moja kwenye hoja, au aliyekuwa akikuita wifi akaanza kukuita kwa jina lako kamili, amesogea hatua moja nyuma. "Haya" nayo itazamwe vilevile: inaweza kuwa kukubali kwa wepesi, na inaweza kuwa kukubali kwa mtu aliyechoka kubishana. Tofauti yake husikika kwa sauti, na maandishi huimeza.

Hata hivyo, wanaosema "meseji haina sauti, usisome chochote" nao wanapitiliza. Watu huonyesha baridi kwa maandishi, na anayeipuuza hugundua siku ya kikao kwamba mtu hakuja. Sisi tungeanza kuamini ishara pale zinapobadilika angalau mbili kwa pamoja, mathalani jina la undugu limepotea na maswali ya kurudisha yamekwisha, na mabadiliko hayo yakajirudia katika mazungumzo matatu ya siku tofauti na mada tofauti. Angalia pia kundi la familia. Akiwa mkavu kwako na kwa wengine wote, huenda amechoka, anauguza, au kazi imembana. Akiwa mkavu kwako peke yako, jambo linaelekea kukuhusu. Hata hapo usikimbilie hukumu, maana kwenye kundi watu huchangamka kwa sababu wanatazamwa.

Katika swali hili kuna jibu moja tu, la jioni moja. Halitoshi. Kinachostahili kufikiriwa zaidi kimo kwenye meseji uliyotuma, si kwenye aliyojibu: kama kweli uliandika "mwisho wa michango tarehe 20", hiyo ni kauli ya kudai pesa. Kama hajamaliza ahadi yake, "Sawa." fupi inaweza kuwa aibu, na aibu huandikwa kwa ufupi uleule wa hasira.

Usimwulize "umekasirika?" kwa meseji. Atajibu "wala", nawe utakaa kuichambua "wala" hiyo. Usimpime pia kwa kumjibu kikavu ili uone atafanya nini, kwa sababu hapo unaharibu kipimo chako mwenyewe: baridi itakayorudi itakuwa uliyoitengeneza. Mtumie kitu kinachohitaji uamuzi wake: "Wifi, saa 10 Jumapili inakufaa, au tusogeze mbele kidogo?" Akijibu kwa sababu zake, ratiba zake, au swali lake, mlango uko wazi. Akirudisha "Yoyote", mpigie simu jioni akiwa ameshafika nyumbani, uanze na salamu na habari za watoto kabla ya kikao. Suala la mchango liache mpaka alitaje mwenyewe.