"Ifanyiwe kazi" na nani?

Kwenye muhtasari wa kikao kuna maneno ambayo siku hizi nayapigia mstari kwa kalamu nyekundu: "ifanyiwe kazi." Mara nyingi kuna mtu alitajwa kwa jina kikaoni, na jina lake likadondoka njiani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Mwaka juzi pampu ya kisima iliharibika. Tulibishana karibu saa mbili, mwisho tukaamua: mweka hazina amlete fundi aifungue pampu kabla ya tarehe 14, na gharama ikizidi shilingi 800,000 kamati ikutane tena kabla ya kulipa. Katibu akaandika: "Wajumbe walikubaliana pampu ifanyiwe matengenezo mapema iwezekanavyo." Uongo haumo. Ila mtekelezaji, tarehe na lile sharti la fedha havimo pia, na hakuna kati yetu aliyeisoma rasimu. Fundi akalipwa 1,350,000. Kikao kilichofuata, tulipofika kwenye yatokanayo, wajumbe wakafoka. Mweka hazina akafungua daftari, akatusomea sentensi yetu wenyewe. Tukanyamaza.

Tangu hapo naomba rasimu ndani ya siku mbili, na naisoma kuanzia mwisho. Kila mstari wa jedwali la utekelezaji nautafutia azimio lake, kisha kila azimio nalitafutia mstari wake. Azimio lisilo na mstari litasahaulika. Mstari usio na azimio, huenda mtu kauchomeka baada ya kikao. Halafu nayatafuta masharti, yale ya "ikizidi" na "iwapo", kwa sababu ndiyo hupotea kwanza: husemwa katikati ya mabishano, wakati katibu anangoja hitimisho ndipo aandike.

Mtekelezaji awe mtu mmoja. Ukiandika "kamati", kila mjumbe anamngoja mwenzake. Na "kabla ya kikao kijacho" si tarehe. Kikao kikiahirishwa, nayo inahama.

Wengine husema makosa yatarekebishwa siku ya kuthibitisha muhtasari. Kwetu siku hiyo huja baada ya mwezi, fedha zimeshatoka. Isitoshe, kuthibitisha ni kukubali kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa, basi. Aliyeshindwa kura mwezi uliopita asiitumie nafasi hiyo kugeuza uamuzi chini ya jina la "marekebisho" (tunaye mmoja, hachoki). Kosa likionekana kweli, maneno ya zamani yakatwe kwa mstari mmoja yaendelee kusomeka, ya sahihi yaandikwe juu yake, mwenyekiti na katibu watie saini pembeni. Ukiona yamefutwa kwa wino mweupe, uliza chini yake kulikuwa na nini.

Katibu wetu wa sasa ana mtindo wake: kabla ya ajenda kufungwa, anasoma azimio kwa sauti, jina na tarehe, kisha anamtazama aliyetajwa mpaka aitikie.