Stopu kwanza, kiasi baadaye

Vijana wengi wa Arusha na Moshi wanaotredi sarafu za kidijitali huanza na swali moja: "Niingie na ngapi?" Stopu, yaani oda ya kuuza bei ikishuka hadi pale ulipopanga, huja baadaye, ikisogezwasogezwa ili iendane na hela iliyokwisha kuingia. Naona huko ni kwenda kinyumenyume. Chati ndiyo iseme stopu inakaa wapi, halafu kiasi cha kununua kitoke kwenye hesabu.

Chukua akaunti ya spoti, ambako unanunua sarafu zenyewe bila kukopa, yenye USDT 80, na uko tayari kupoteza asilimia 1, yaani 0.80. Sarafu iko 2.00, na stopu yako itauza kwa 1.88, chini kidogo ya bei ambayo soko limegusa na kurudi juu. Umbali ni 0.12. Ongeza ada: kwa soko linalokata asilimia 0.1 kila upande, kununua na kuuza kunakula kama 0.004 kwa kila sarafu. Kwa hiyo:

```
0.80 / (0.12 + 0.004) = 6.45
```

Kama soko linaruhusu desimali moja, shusha hadi 6.4. Usipandishe. Utalipa USDT 12.80, na nyingine zote zinabaki zimekaa. Wengi huona hiyo ni uoga, lakini asilimia 1 ni hasara unayoikubali, siyo hela unayoingiza.

Sasa angalia kitu kinachowasumbua wengi. Ada ya kununua ikikatwa kwenye sarafu zenyewe, unabaki na 6.3936. Ukiweka stopu ya kuuza 6.4, oda inakataliwa kwa salio kutotosha. Andika 6.3.

Akaunti ya USDT 30 ina tatizo gumu zaidi. Asilimia 1 ni 0.30, na hesabu inatoa sarafu 2.4, sawa na USDT 4.80. Kama oda ya chini kabisa ni USDT 5, haiingii. Mtu anapandisha hadi 2.6, analipa 5.20, inapita. Baada ya ada anaweza kuuza 2.5 tu, na kwa 1.88 hizo ni USDT 4.70. Stopu inakataliwa, naye tayari ameshanunua na hana kinga.

Kwa hiyo pima oda kwa bei ya stopu kabla hujanunua. Hapa inabidi ununue angalau 2.8: zinabaki 2.7 za kuuza, na kwa 1.88 zinafika 5.08. Hasara ikitokea itakuwa kama 0.35, karibu asilimia 1.2 ya akaunti. Hiyo naikubali. Nisichokubali ni kusogeza stopu hadi 1.96 ili asilimia 1 itimie kwenye karatasi, kwa sababu mtikisiko wa kawaida wa bei utakutoa sokoni hata kama wazo lako lilikuwa sahihi. Na kama hesabu inakupeleka asilimia 3 au 4, acha hiyo tredi ipite.