Jinzi Haihitaji Beseni Kila Jumamosi

Katika nyumba nyingi za Nairobi nguo hufuliwa kwa kufuata kalenda, wala si kwa kuangalia hali yake. Jumamosi ikifika, mama fua hukabidhiwa kapu zima, na suruali ya jinzi, sweta ya sufu na fulana ya mazoezi zote hupitia beseni siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, utaratibu huo unazifua mno nguo mbili za kwanza na kuichelewesha ya tatu, na inayoumia zaidi ni jinzi.

Sababu iko katika namna jinzi inavyotiwa rangi. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa na kuonekana zaidi upande wa nje, huchovywa katika nili mara kadhaa, lakini nili hiyo hushika juu juu tu na kiini cha uzi hubaki cheupe. Nili haiyeyuki katika maji. Ile bluu inayoonekana katika beseni jinzi ikiwa mpya ni rangi ya ziada ambayo haikushika vizuri. Baada ya hapo, adui mkubwa ni msuguano. Brashi ikipitishwa gotini pamoja na sabuni ya kipande, tabaka la nili hukwanguka na weupe wa ndani hujitokeza, hasa kwenye mishono, kingo za mifuko na pindo. Ukiona weupe umefuata mishono, ilhali mapaja bado yana rangi, laumu brashi. Ukiona upande mmoja wote umepauka sawasawa, laumu jua la kwenye kamba.

Chukua mfano wa mtu anayetoka Rongai kwa matatu na kushinda ofisini mjini. Jinzi yake hupata vumbi, jasho kidogo kiunoni, na pengine tope kwenye pindo msimu wa mvua. Tope hilo liachwe likauke, likung'utwe, kisha pafutwe kwa kitambaa chenye maji; suruali itundikwe mahali penye hewa usiku kucha badala ya kurudishwa kabatini ikiwa na joto la mwili. Kwa matumizi ya namna hiyo, sioni ubaya wa kuivaa mara 8 hadi 10 kabla ya kuifua. Fundi wa gereji hawezi kungoja hivyo, na hata huyu wa ofisini asiahirishe bila kikomo, kwa kuwa chembe za mchanga zilizojificha katika kitambaa husaga pamba kila anapopiga hatua. Harufu kiunoni, au vumbi linaloruka ukiipiga kofi, ni dalili kwamba wakati umefika.

Siku ya kuifua, igeuzwe ndani nje na zipu ifungwe. Sabuni ya unga ikorogwe katika maji baridi mpaka iyeyuke, ndipo suruali iloweshwe kwa nusu saa hivi, ikandamizwe kwa mikono, isuuzwe na kuanikwa kivulini ikiwa bado imegeuzwa. Brashi ibaki kwa ajili ya doa, upande wa ndani, kwa mkono mwepesi.

Sufu huhitaji maji mara chache zaidi. Uzi wake hunyonya unyevu mwingi bila kuonekana umelowa, na harufu nyingi hutoka kwa kuanikwa penye upepo, hivyo sweta inayovaliwa juu ya shati katika baridi ya Julai inaweza kumaliza msimu kwa kufuliwa mara moja au mbili. Ikisuguliwa katika maji ya moto, magamba madogo ya uzi hushikana na sweta hurudi, nayo haipanuki tena. Sweta nyingi za mitumba zimepoteza lebo, kwa hiyo chomoa uzi kutoka mshono wa ndani na uuchome kwa uangalifu: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, lakini akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Poliesta ndiyo ningeifua kila inapovaliwa na kutoka jasho. Rangi yake huwa imeingia ndani ya uzi, hivyo haichujuki upesi, lakini uzi huo hupenda mafuta ya mwili na kuyang'ang'ania pamoja na harufu. Fulana inayonukia vizuri ikiwa kavu, kisha ikaanza kutoa harufu dakika chache baada ya kuvaliwa, bado ina mafuta hayo makwapani. Igeuzwe, iloweshwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na isuuzwe vizuri bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huacha utando unaozidi kuyafungia mafuta ndani.