Mpe kaka mamlaka ya kupangisha, usimpe ya kuuza

Hati nyingi za uwakilishi ninazoletewa mezani nizipitie zina sentensi moja ambayo ningependa ifutwe kabisa nchini. Huwa iko mwanzoni, na husema hivi: "Namteua kaka yangu asimamie, apangishe, auze, aweke rehani na afanye jambo lolote lile kuhusu mali zangu zote kama ambavyo ningefanya mimi mwenyewe." Ukimuuliza aliyesaini alitaka nini hasa, atakwambia alitaka mtu wa kumkusanyia kodi ya nyumba. Sentensi hiyo aliikuta kwenye hati ya jirani au kwa karani wa pembeni mwa mahakama, akabadilisha majina tu.

Msimamo wangu ni kwamba usimamizi na uuzaji visikae kwenye karatasi moja hata siku moja, hata kama anayepewa ni ndugu wa tumbo moja. Nasema hivyo nikijua kwamba ndugu wengi ni waaminifu. Hati hii hata hivyo haisomwi na ndugu peke yake. Husomwa na mnunuzi, dalali, ofisa wa benki na karani wa ardhi, na hao wote huangalia kilichoandikwa, hawajui mliongea nini kwenye simu.

Chukua mfano wa dada anayefanya kazi Muscat, mwenye nyumba ya vyumba sita Tanga. Kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba nzima inaingiza 360,000. Kaka yake yuko Tanga na amekubali kuisimamia. Mahitaji halisi ya kaka huyu yanahesabika: atafute wapangaji, asaini mikataba yao, apokee kodi, atoe notisi kwa asiyelipa, alipe pango la ardhi la kila mwaka, arekebishe bati likivuja, na aweze kusimama mbele ya serikali ya mtaa kama mwakilishi wa mwenye nyumba. Hapo hakuna linalohitaji neno "kuuza".

Ningemwandikia hivi:

"Mimi, mmiliki wa nyumba iliyopo kwenye kiwanja kilichotajwa hapa chini kwa namba, kitalu, eneo na namba ya hati, namteua kaka yangu aliyetajwa hapa chini kuwa mwakilishi wangu kwa nyumba hiyo peke yake na kwa mambo haya tu: kupangisha vyumba kwa mikataba ya maandishi isiyozidi miezi 12, kupokea kodi na kutoa risiti, kutoa notisi kwa mpangaji aliyevunja mkataba, kulipa kutoka kwenye kodi hiyo pango la ardhi na tozo nyingine halali za nyumba, na kufanya matengenezo yasiyozidi shilingi 300,000 kwa mara moja bila kuniuliza, na zaidi ya hapo kwa kibali changu cha maandishi."

Maneno "nyumba hiyo peke yake" na "mambo haya tu" yana kazi kubwa. Kwa kawaida mahakama husoma hati za uwakilishi kwa kubana: aliyepewa mamlaka ya kupangisha hahesabiwi kuwa amepewa na ya kuuza, na maneno ya jumla yanayofuata orodha huchukuliwa kuwa yanasaidia mambo yaliyotajwa, hayaongezi mengine mapya. Ila kinga hiyo utaipata ukishafika mahakamani, pengine baada ya mnunuzi kulipa na kuanza kumwaga kokoto uwanjani. Ni afadhali karatasi yenyewe imkatishe tamaa dalali siku ya kwanza.

Ndiyo maana sibaki kwenye mambo yaliyoruhusiwa, naandika na yaliyokatazwa, ingawa mwanasheria mkali anaweza kuniambia kwamba ni marudio:

"Mwakilishi hana mamlaka ya kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi, kuhamisha umiliki, kubomoa, kujenga jengo jipya, wala kukopa kwa kutumia nyumba hii. Hataruhusiwa kumkabidhi mtu mwingine mamlaka haya. Hataipangisha nyumba au sehemu yake kwake mwenyewe, kwa mwenzi wake au kwa mtoto wake bila kibali changu cha maandishi."

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloleta maneno. Kaka hukunja uso: "Mdogo wangu, kwa hiyo mimi sasa ni mtu baki?" Jibu langu ni kwamba sharti hilo linamlinda yeye pia. Shemeji akihamia chumba cha mbele kwa shilingi 20,000, na wengine wote wanalipa 60,000, kaka ndiye atakayekuwa na kazi ya kueleza. Akiwa na kibali cha maandishi, hata cha ujumbe wa simu ambao hati imesema utakubalika, mjadala unaisha hapo.

Fedha nazo zitajwe zinakokwenda. Kodi iingie kwenye akaunti ya mwenye nyumba, na mwakilishi alipwe ujira uliotajwa, tuseme asilimia 10 ya kinachokusanywa. Kwa nyumba yetu ya Tanga ikiwa imejaa, hiyo ni shilingi 36,000 kwa mwezi. Familia nyingi huona aibu kuandika ujira wa ndugu, kisha ndugu hujilipa kimyakimya na undugu unavunjika kwa fedha ambayo ingeandikwa kwa mstari mmoja. Ongeza na taarifa ya hesabu kila baada ya miezi mitatu, pamoja na picha za risiti.

Tarehe ya kuanza na ya kwisha isisahaulike. Hati isiyo na mwisho huzeeka kabatini na kuibuka baada ya miaka kumi mikononi mwa mtu ambaye hukumpa. Mimi napendelea mwaka mmoja au miwili, kisha iandikwe upya.

Dada wa Muscat atasaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania huko, au mbele ya mthibitishaji wa huko na kisha hati ipitie kwenye mihuri ya uhalalishaji. Hati halisi itumwe nyumbani, kwa sababu picha ya simu haitoshi. Ikifika hulipiwa ushuru wa stempu. Kama inagusa haki juu ya ardhi iliyosajiliwa, hupelekwa kwa Msajili wa Hati ili iingie kwenye kumbukumbu. Hati miliki ya kiwanja isipelekwe pamoja nayo. Anayekusanya kodi haihitaji, nakala inamtosha, na hati halisi ikikaa kwa mama au benki, dalali atakosa kitu cha kumwonyesha mnunuzi.

Kubatilisha ndiko watu wanakokosea zaidi. Wengi huamini kwamba ukimpigia kaka simu na kumwambia "kuanzia leo basi", mambo yamekwisha. Kwa kaka, ndiyo, kwa sababu amesikia. Kwa watu wengine bado. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, kubatilishwa kwa uwakala kunamgusa wakala pale anapopata habari, na kunawagusa watu wa nje pale wao nao wanapopata habari. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa kaka wiki moja baada ya simu yako, bila kujua lolote, amelipa vizuri, na huwezi kumdai tena. Utabaki kumdai kaka.

Kwa hiyo kifungu cha kubatilisha kiwemo tangu siku ya kwanza, kikiwa na majina ya watakaoarifiwa:

"Naweza kubatilisha mamlaka haya wakati wowote kwa notisi ya maandishi niliyoisaini mbele ya shahidi mwenye mamlaka ya kuthibitisha. Notisi itapelekwa kwa mwakilishi kwa anwani, barua pepe au namba ya simu iliyoandikwa hapa, na nakala zitapelekwa kwa wapangaji wote, ofisi ya serikali ya mtaa, benki yangu, na Msajili wa Hati endapo hati hii imesajiliwa. Ndani ya siku 7 tangu apokee notisi, mwakilishi atarudisha nakala zote halisi za hati hii, funguo, mikataba ya wapangaji na hesabu ya fedha alizopokea."

Ili kifungu hicho kiwe na meno, nakala halisi ziwe na namba, tuseme ya kwanza na ya pili, na hati itaje idadi yake na nani anashika ipi. Usipojua ulitoa nakala ngapi hutajua kama zimerudi zote.

Kuna neno moja la hatari ambalo likionekana kwenye rasimu nasimamisha kazi: "isiyobatilika". Hilo lina mahali pake, pale mwakilishi mwenyewe anapokuwa na masilahi katika mali husika, kwa mfano mkopeshaji ambaye amepewa mamlaka ili aweze kurudisha fedha yake. Ndugu anayekukusanyia kodi hana masilahi ya aina hiyo. Akilitaka neno hilo, muulize ni kwa ajili gani.

Suala la ugonjwa na kifo nalizungumza kwa uwazi, hasa na watu walio Uingereza. Kule kuna hati ya uwakilishi ya kudumu, chini ya sheria ya mwaka 2005, ambayo inaendelea kufanya kazi hata mtoaji akipoteza uwezo wa akili. Wengi hudhani hati ya kawaida ya huku nayo iko hivyo. Haiko hivyo. Chini ya Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma mtoaji anapofariki au anapopoteza akili timamu. Baba aliyekupa hati akiwa mzima, akapatwa na maradhi ya kusahau hadi hamtambui tena mkewe, hati yake haikusaidii tena, na itabidi njia ya mahakama. Akifariki, aliye na mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto anayeendelea kusaini mikataba kwa hati ya marehemu, hata kwa nia njema kabisa, anatengeneza kesi kwa ndugu zake.

Na siku dada akiamua kweli kuuza nyumba ya Tanga, ile hati ya usimamizi isiguswe. Aandike nyingine, ya kuuza nyumba hiyo moja, itakayokwisha baada ya miezi mitatu, inayotaja bei ya chini kabisa anayoikubali na akaunti yake ambako mnunuzi ataingiza fedha yote moja kwa moja. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mume wake iambatanishwe, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka. Katika hati hiyo kaka apewe mamlaka ya kusaini fomu za uhamisho na kukabidhi funguo. Kupokea bei kusiwemo.